Usiku mmoja wa chumba cha gesti unakugharimu shilingi ngapi? Hesabu yake hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza yanakuja kila mara, maneno tu ndiyo yanabadilika. "Nina gesti ya vyumba kumi, niweke bei gani?" "Kuna mteja anataka chumba kwa elfu ishirini na tano wakati bei yangu ni arobaini, nimpe?" "Msimu umekata, nashusha bei au napandisha?" Yote yanajibika ukishajua kitu kimoja: usiku mmoja wa chumba kilicholaliwa unakugharimu shilingi ngapi. Shida yake ni kwamba namba hiyo haitulii. Mwezi vyumba vimejaa inakuwa ndogo, mwezi vyumba viko wazi inapanda mpaka inazidi bei unayouzia, na hujaongeza mfanyakazi wala hujanunua kitu.

Nitatumia mfano wa gesti ya vyumba 12 Dodoma mjini, nyumba ya kupanga, chai ya asubuhi ndani ya bei, chumba shilingi 40,000. Nimechagua Dodoma kwa sababu pale msimu unaonekana kwa macho. Bunge la bajeti linaanza mwanzoni mwa Aprili mpaka mwisho wa Juni, mji unajaa, halafu Julai unaweza kukaa mapokezi jioni nzima na funguo zote ziko ukutani. Namba za mfano nimezipanga ziwe rahisi kufuata, wewe weka za kwako, ila njia ni ileile hata kama gesti yako iko Kahama au Mtwara.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kitabu cha wageni cha miezi 12. Kama huna mwaka mzima, tafuta angalau mwezi mmoja uliojaa na mmoja uliokauka.
- Mkataba wa pango na orodha ya mishahara, pamoja na michango ya NSSF na ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi.
- Usomaji wa mita ya umeme mwanzo na mwisho wa mwezi. Risiti za LUKU peke yake hazitoshi, nitaeleza kwa nini.
- Risiti au daftari la sabuni, tishu, mashuka, vitafunwa vya asubuhi, mafundi.
- Orodha ya vitu vya vyumbani na bei ulizonunulia: vitanda, magodoro, runinga, viyoyozi.
- Kikokotoo, au Eksel kama unaijua.

Na tukubaliane kipimo. Tunahesabu usiku wa chumba: chumba kimoja kilicholaliwa usiku mmoja. Mgeni mmoja akilala siku nne ni usiku wa chumba 4. Wageni watatu wakilala kwenye vyumba viwili usiku mmoja ni usiku wa chumba 2, siyo 3. Wengi wanahesabu vichwa vya wageni hapa, na kuanzia hapo kila namba inayofuata inakuwa imepinda.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho na ulichouza

Vyumba 12 mara siku 30 ni usiku wa chumba 360 kwa mwezi. Hiyo ndiyo bidhaa yako yote, na usiku usiouzwa leo huwezi kuuweka stoo ukauuza kesho. Fungua kitabu cha wageni uhesabu usiku uliouzwa kweli. Ukikuta 108, gawanya kwa 360, unapata asilimia 30. Hiyo asilimia nitaiita ujazo.

Angalia mambo mawili. Chumba ulichompa shemeji yako alale bure usikihesabu kama kimeuzwa, ila shuka zake na chai yake ni gharama kweli, ziandike. La pili ni wale wa mchana, wa saa mbili tatu, ambao kwa gesti nyingi ni hela ya maana. Usiwachanganye na usiku. Chukua walicholipa, toa kufua na sabuni, kinachobaki kiandike pembeni kama mapato ya ziada yanayosaidia gharama za kudumu. Ukiwachanganya utakuta mwezi una ujazo wa asilimia 110 na utashindwa kuelewa umetoka wapi.

Hatua ya 2: Orodhesha gharama za kudumu kwa mwezi

Hizi ni zile ambazo usipopata mgeni hata mmoja bado utazilipa. Kipimo chake ni swali moja: kama leo hakuna aliyelala, hii hela inatoka? Ikitoka, ni ya kudumu.

Kwa gesti yetu:

- Pango: 1,500,000
- Mishahara (mapokezi wawili kwa 350,000, wahudumu wa vyumba wawili kwa 300,000, mlinzi 300,000): 1,600,000
- NSSF ya mwajiri asilimia 10 na WCF asilimia 0.5: 168,000
- Mshahara wako mwenyewe unayesimamia: 500,000
- Intaneti na king'amuzi: 150,000
- Umeme wa maeneo ya pamoja (taa za nje, pampu, friji, mapokezi): 150,000
- Leseni, zimamoto, bima, mhasibu: 1,800,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa mwezi
- Matengenezo ya kawaida: 150,000
- Taka: 12,000
- Uchakavu wa vitu vya vyumbani: 300,000

Jumla 4,680,000 kwa mwezi.

Mistari miwili hapo ndiyo huwa inarukwa. Wa kwanza ni mshahara wako. Unasema "mimi nachukua tu kinachobaki", sawa, lakini siku ukiumwa au ukisafiri utamlipa mtu akae pale, kwa hiyo kazi yako ina bei na lazima iwe ndani ya hesabu. Wa pili ni uchakavu. Kila chumba kimekula vitu vya 1,800,000, vyumba 12 ni 21,600,000, na tukisema vitadumu miaka 6 yaani miezi 72, kila mwezi unakula 300,000 ya vitu hivyo hata kama hakuna hela inayotoka mfukoni mwezi huo. Usipoiweka, mwaka wa nne magodoro yatakuwa yamebonyea katikati, wageni wanalalamika mgongo, na huna hela ya kununua mengine kwa sababu ulishaila ukidhani ni faida.

Kama nyumba ni yako, piga hesabu mara mbili. Mara ya kwanza bila pango, uone hela inayoingia mfukoni. Mara ya pili weka pango ambalo mtu mwingine angekulipa kwa nyumba hiyohiyo. Ya pili ndiyo inakuambia kama gesti inalipa kweli au nyumba ndiyo inaibeba gesti.

Kuhusu mkopo: riba ni gharama, iweke. Marejesho ya mtaji siyo gharama ya usiku, ingawa hela yake inabidi itoke, kwa hiyo iandike kwenye mpango wa hela, pembeni ya hesabu hii. Na kwenye pango, ile asilimia 10 ya kodi ya zuio unayopeleka TRA kwa kawaida inakatwa ndani ya pango la mwenye nyumba, usiiongeze juu tena. Lakini kama mwenye nyumba alikuambia "mimi nataka yangu kamili mkononi", basi wewe ndiye unaibeba na pango lako halisi ni kubwa kuliko ulivyozoea kulitaja.

Hatua ya 3: Orodhesha gharama zinazokuja na mgeni

Hizi ni za kila usiku wa chumba uliolaliwa, asipolala mtu hazipo:

- Kufua mashuka na taulo: 2,000
- Sabuni, tishu, maji ya kunywa: 1,500
- Chai ya asubuhi: 3,000 kwa mtu, wastani mtu mmoja na nusu kwa chumba: 4,500
- Umeme wa chumbani: 2,500
- Maji ya bomba: 500

Jumla 11,000.

Kamisheni ya mitandao ya kubuku sijaiweka humu makusudi. Hiyo ni asilimia ya bei, mara nyingi kama 15, na inawahusu wageni waliopitia huko tu. Kwa chumba cha 40,000 inakula 6,000, kwa hiyo mgeni wa mtandaoni anakugharimu 17,000 badala ya 11,000. Iwekee mstari wake. Ukiitia kwenye wastani wa wote utamwona mgeni aliyekupigia simu mwenyewe ni ghali kuliko alivyo.

Hatua ya 4: Tenganisha umeme

Umeme unasumbua kwa sababu nusu ni wa kudumu na nusu unafuata wageni. Taa ya getini inawaka mgeni awepo asiwepo, kiyoyozi na hita ya kuogea vinakula pale mtu akiwepo. Njia rahisi ni kulinganisha mwezi uliojaa na mwezi uliokauka.

Tuseme mwezi wenye usiku 324 ulitumia umeme wa 960,000, na mwezi wenye usiku 108 ulitumia wa 420,000. Tofauti ya hela ni 540,000, tofauti ya usiku ni 216. Gawanya: 2,500 kwa usiku. Sasa rudi kwenye mwezi mdogo: 108 mara 2,500 ni 270,000, toa kwenye 420,000, inabaki 150,000. Hiyo 150,000 ndiyo ya kudumu, na ndiyo maana umeiona kwenye hatua ya 2.

Kosa kubwa hapa ni kutumia risiti za LUKU kana kwamba ndiyo matumizi. Ukinunua uniti za laki tatu tarehe 29, zitatumika mwezi unaofuata, lakini risiti inasema mwezi huu. Soma salio la uniti kwenye mita tarehe 1 asubuhi kila mwezi: salio la mwanzo, jumlisha ulizonunua, toa salio la mwisho, hizo ndizo ulizotumia. Kisha zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, makato yote ndani. Ukilipa kama 356 kwa uniti, ile 2,500 ni kama uniti saba kwa usiku, na kwa chumba chenye kiyoyozi kilichowashwa usiku kucha na hita ya maji ni kiasi kinachoingia akilini. Kama vyumba vyako vina feni tu na unapata 2,500 kwa usiku, kuna kitu kinavuja, kaangalie hita zinazoachwa zimewashwa.

Hatua ya 5: Gawanya kwa kila ujazo

Hapa ndipo penyewe. Gharama za kudumu gawanya kwa usiku uliouzwa, halafu ongeza 11,000.

| Ujazo | Usiku uliouzwa | Za kudumu kwa usiku | Jumla kwa usiku |
|---|---|---|---|
| 25% | 90 | 52,000 | 63,000 |
| 40% | 144 | 32,500 | 43,500 |
| 50% | 180 | 26,000 | 37,000 |
| 65% | 234 | 20,000 | 31,000 |
| 80% | 288 | 16,250 | 27,250 |
| 100% | 360 | 13,000 | 24,000 |

Kwenye Eksel, weka gharama za kudumu B1, usiku wote unaoweza kuuza B2, za kila usiku B3, bei B4, halafu asilimia zako ziandike kuanzia A6 kushuka chini. Kwenye B6 andika hii uivute:

```
=$B$1/($B$2*A6)+$B$3
```

Itazame jedwali vizuri. Kutoka asilimia 25 kwenda 40 umeokoa 19,500 kwa kila usiku. Kutoka 80 kwenda 100 umeokoa 3,250 tu, na hizo asilimia 20 za mwisho ndizo ngumu kuliko zote kuzipata. Kwa hiyo gesti iliyo asilimia 25 ikapata kampuni moja ya kulaza mafundi wake watano kila wiki, maisha yake yanabadilika kabisa, wakati gesti iliyo asilimia 80 haina haja ya kutoa punguzo kubwa ili ijae.

Angalia na hili: gharama za kudumu hazidumu milele. Wahudumu wawili wanaweza vyumba vinane tisa kwa siku bila shida, lakini mwezi wa bajeti vyumba 11 vinapobadilishwa utaita kibarua. Akikugharimu 300,000 kwa mwezi huo, kwenye usiku 324 ni karibu 930 kwa usiku. Siyo mwisho wa dunia, ila usije ukashangaa kwa nini mwezi uliojaa haukuleta yote uliyotegemea.

Hatua ya 6: Tafuta usiku unaokutoa kwenye hasara

Bei 40,000 toa 11,000, kila usiku unakuachia 29,000 za kulipa gharama za kudumu. Gawanya 4,680,000 kwa 29,000, unapata 161.4, yaani usiku 162 kwa mwezi, ambao ni asilimia 45.

```
=ROUNDUP(B1/(B4-B3),0)
```

Andika 162 kwenye karatasi uibandike mapokezi. Ni vyumba vitano na nusu kwa usiku kwa wastani, na mtu wa mapokezi anaielewa hiyo haraka kuliko asilimia. Kama umesajiliwa VAT, bei ya kuweka B4 ni ile iliyobaki baada ya kutoa VAT. Usiweke 40,000 nzima wakati sehemu yake ni ya TRA.

Hatua ya 7: Piga mwaka mzima, usipange bei kwa mwezi mmoja

Mtu akiona jedwali la hatua ya 5 mara ya kwanza anashtuka: mwezi wangu una ujazo wa asilimia 30, kila usiku unanigharimu zaidi ya 54,000, nauza 40,000, basi nipandishe bei. Anapandisha, wateja wachache waliokuwepo wanahamia gesti ya jirani, ujazo unashuka asilimia 20, gharama kwa usiku inapanda hadi 76,000, naye anafikiria kupandisha tena. Gesti zimefungwa kwa njia hii na mwenyewe anaamini tatizo lilikuwa eneo.

Mwezi mkavu haujilipii wenyewe. Unalipiwa na mwezi uliojaa, kwa hiyo hesabu ya bei ni ya mwaka. Tuufanye hivi, kila mwezi siku 30 ili isitusumbue:

- Miezi 3 ya bajeti, ujazo 90%: usiku 324 kila mwezi. Faida ya mwezi: 324 × 29,000 − 4,680,000 = 4,716,000
- Miezi 3 yenye mikutano mifupi ya Bunge, ujazo 60%: usiku 216. Faida ya mwezi: 1,584,000
- Miezi 6 iliyobaki, ujazo 30%: usiku 108. Hasara ya mwezi: 1,548,000

Kwa mwaka umeuza usiku 2,268 kati ya 4,320, ujazo 52.5%. Gharama za kudumu za mwaka 56,160,000 ukizigawanya kwa 2,268 ni kama 24,760, ongeza 11,000, unapata karibu 35,760. Hiyo ndiyo gharama yako ya kweli ya usiku, na ndiyo ya kulinganisha na bei ya 40,000. Faida ya mwaka mzima ni 9,612,000 kabla ya kodi ya mapato, na vibarua wa miezi mitatu wakitolewa inabaki 8,712,000.

Sasa rudi kwenye ile miezi sita. Hasara yake kwa pamoja ni 9,288,000. Hiyo hela iko mkononi mwako mwishoni mwa Juni, inaonekana kama faida, na ndiyo inayoliwa kwenye kiwanja na harusi halafu Oktoba mishahara inachelewa. Fungua akaunti ya pembeni, Aprili, Mei na Juni weka humo 3,096,000 kila mwezi, na kila mwezi mkavu utoe 1,548,000. Miezi ya katikati inajimudu yenyewe.

Usinakili mwaka uliopita bila kuutazama. Mwaka wa uchaguzi mkuu kama 2025 Bunge linavunjwa, na mkutano uliozoea kukuletea wageni Agosti na Septemba haupo. Treni ya SGR nayo, tangu ianze Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, mtu mwenye kikao cha saa chache anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni, zamani huyo alikuwa analala. Ukipunguza mwezi mmoja wa 60% ukaufanya wa 30%, faida ya mwaka inapungua 3,132,000. Jaribu mwaka mbaya namna hiyo kwenye karatasi kabla haujakukuta.

Hatua ya 8: Jua bei yako ya chini, na masharti yake

Sasa yule mteja wa elfu ishirini na tano. Ni saa mbili usiku, Julai, vyumba vinane viko wazi. Akilala anakugharimu 11,000, anakuachia 14,000. Akiondoka anakuachia sifuri, na pango na mlinzi wako palepale. Mpe chumba. Gharama ya 35,760 haina kazi kwenye swali hili, kwa sababu sehemu kubwa yake utailipa hata akienda.

Lakini punguzo hilo lina masharti matatu na yote lazima yawepo. Chumba kingebaki wazi kweli. Hakuna mgeni wa bei kamili anayesikia na kudai hiyohiyo. Na haigeuki kuwa bei ya kila siku. Ukiuza vyumba vyote kwa 25,000 utahitaji 4,680,000 gawanya kwa 14,000, yaani usiku 335 kati ya 360, ujazo wa asilimia 93 mwezi hadi mwezi, na hakuna gesti Dodoma inayoishi hivyo mwaka mzima. Kwa hiyo mwambie mtu wa mapokezi sheria inayoeleweka: punguzo ni baada ya saa fulani, vyumba wazi vikizidi idadi fulani, halishuki chini ya 25,000. Njia nzuri zaidi ni kupunguzia bila kugusa bei ya usiku mmoja, mfano anayelala usiku saba analipa sita. Huyo pia shuka zake hazifuliwi kila siku, kwa hiyo ile 11,000 yenyewe inashuka.

Namba zikigoma

*Hesabu inaonyesha faida, hela haionekani.* Angalia kwanza pango. Ukilipa miezi sita kwa mkupuo, 9,000,000 zinatoka siku moja wakati hesabu inasema 1,500,000 kwa mwezi. Kisha angalia taasisi zinazolaza watu wao kwa barua na kulipa baadaye. Usiku wao umeuhesabu, hela yao haijaingia. Weka orodha ya wanaodaiwa na tarehe, na mwenye deni la zaidi ya miezi miwili usimpe vyumba vingine kabla hajapunguza.

*Gharama za kila usiku zimepanda ghafla, mfano kutoka 11,000 hadi 14,000.* Mara nyingi ni chai ya asubuhi. Hesabu mayai na mikate iliyonunuliwa, linganisha na wageni waliolala. Wafanyakazi watano wakinywa chai humohumo kila siku siyo vibaya, ila hiyo ni gharama ya kudumu, ihamishe kwenye orodha ya hatua ya 2 ili isikuharibie gharama ya mgeni.

*Kutenganisha umeme kumetoa namba hasi au ya ajabu.* Umelinganisha miezi yenye hali ya hewa tofauti sana, au umetumia risiti badala ya usomaji wa mita. Chukua miezi miwili inayofanana kwa joto, na kama mmoja ulikuwa na fundi anachomelea mageti humo ndani uache.

*Ujazo uko chini kuliko unavyoona kwa macho.* Unapita jioni unaona magari uani, kitabu kinasema vyumba vinne. Hesabu mashuka yaliyofuliwa mwezi huo. Kama mnabadilisha jozi moja kila mgeni anapotoka, idadi ya jozi inatakiwa ikaribiane na idadi ya wageni waliotoka, ukiongeza wale wa mchana. Jozi 150 kwenye wageni 95 walioandikwa, huenda kuna vyumba vinauzwa nje ya kitabu. Linganisha pia kitabu na risiti za EFD tarehe kwa tarehe. Usimtuhumu mtu kabla hujarudia wiki mbili ukihesabu mwenyewe, kwa sababu wakati mwingine ni mhudumu anayebadilisha shuka mara mbili kwa mgeni yuleyule.

*Una vyumba vya aina mbili, vya feni na vya kiyoyozi.* Usifanye jedwali mbili za gharama za kudumu, utajichanganya bure. Acha za kudumu zigawanywe sawa kwa usiku wote, tenganisha ile ya kila usiku tu: cha feni labda 9,000, cha kiyoyozi 11,500. Kwenye kutafuta usiku wa kutoka kwenye hasara tumia wastani wa kinachobaki kwa kila usiku kulingana na unavyouza aina zote mbili, siyo kulingana na idadi ya vyumba ulivyo navyo.